Sura ya Nne: Ngozi Isiyo na Tundu

Malori ya ng'ombe hupita Waithaka kati ya saa nane na saa kumi za usiku, yakielekea machinjio ya Dagoretti. Ukilala karibu na barabara utayasikia kabla hayajafika, kwa maana injini hubadilisha sauti pale penye mlima, kisha yakikupita unasikia kwato zikiteleza juu ya chuma. Kwa zaidi ya miaka thelathini baba mdogo aliyatumia malori hayo kama saa ya ukutani: yakipita anaamka, anavaa gambuti, anatoka. Mwaka alioanza kuugua aliendelea kuamka wakati uleule, ila sasa hakuwa na pa kwenda. Alikaa kitandani gizani, akajishika kifua, akaniita.

"Imekuja tena."

Sikumuuliza nini. Saratani ya koo la chakula ilikuwa imegunduliwa miezi mitatu nyuma, na daktari alikwisha kutuambia kwamba upasuaji hautasaidia. Kilichonishangaza ni kwamba woga huu ulimwingia yeye, kati ya watu wote. Baba mdogo aliishi na kifo kama mvuvi anavyoishi na maji. Machinjioni anayekata koo ni Mwislamu, ili nyama iliwe na kila mtu, na baba mdogo alianzia pale roho ilipokwisha kutoka. Alikuwa mchuna ngozi. Kisu hufungua njia, kisha ngumi ndiyo inayosukuma kati ya ngozi na nyama, kwa sababu kisu kikizidi kidogo tu kinatoboa, na ngozi yenye tundu hushushwa bei. Kwa kazi hiyo alijenga nyumba ya mabati, akasomesha watoto wa kaka zake, mimi nikiwa mmoja wao. Yeye mwenyewe hakuoa wala hakuzaa.

"Kifo cha ng'ombe ni kazi," aliniambia usiku ule. "Kuna pa kushika. Hiki changu hakina pa kushika."

Sura hii inahusu namna tulivyotafuta pa kushika.

Hatua ya kwanza haikuwa na falsafa yoyote. Tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, jirani na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, huduma ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona imesambaa nchini, na muuguzi wa huduma hiyo alikuja kutuona nyumbani. Nilimweleza habari za hofu ya saa nane. Nilitarajia atazungumza juu ya Mungu. Badala yake aliomba kuona chupa ya mofini na kuuliza baba mdogo anainywa saa ngapi.

Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, ndiyo maana mgonjwa huandikiwa kunywa kila baada ya saa nne mchana kutwa, kisha kipimo maradufu anapokwenda kulala ili kimvushe hadi asubuhi. Baba mdogo alikuwa anakunywa cha mwisho saa kumi na mbili jioni, analala mapema kama alivyozoea, na kile cha saa nne usiku anakiruka kwa sababu hakutaka kuamshwa. Ilipofika saa nane dawa ilikuwa imekwisha mwilini zamani. Maumivu yalimwamsha, lakini kwa kuwa alikuwa bado nusu usingizini, hayakuja kama maumivu. Yalikuja kama kitu kisicho na jina kilichokaa kifuani. Tulirekebisha saa. Ndani ya siku nne, nusu ya hofu iliondoka.

Muuguzi alitufundisha pia kutazama jambo la pili. Mtu mwenye sonona huacha kuonja kitu: chai haina ladha, wageni ni mzigo, redio izimwe, na moyo humwambia kwamba yeye mwenyewe ni mzigo. Huyo anahitaji matibabu, na mazungumzo ya maana ya maisha hayatamfaa kabla hajatibiwa. Mtu anayeogopa kifo tu huwa bado ana hamu. Baba mdogo alidai chai yake iwe na tangawizi, akabishana na redio kuhusu siasa, akacheka. Kwa hiyo nusu iliyobaki haikuwa ugonjwa. Ilikuwa swali.

Daktari wa akili wa Marekani, Irvin Yalom, aliyeandika kitabu kinene kuhusu tiba ya mambo haya mwaka 1980, hupenda kuwauliza wagonjwa wake jambo moja linaloonekana la kipuuzi: katika kufa, unachoogopa hasa ni nini? Linaonekana la kipuuzi kwa sababu tunadhani jibu ni moja. Sivyo. Hofu ya kifo ni kama mzigo uliofungwa pamoja kwa kamba moja. Ukiulegeza unakuta vitu kadhaa, na kila kimoja kina njia yake ya kubebwa. Nikamuuliza baba mdogo. Hakujibu siku hiyo. Majibu yalikuja moja moja, kwa wiki kadhaa, kila mara kukiwa na malori.

Kwanza nilijaribu kumpa jibu la vitabuni. Nilimweleza kuhusu Epikuro, Mgiriki wa kale aliyefundisha kwamba kifo hakituhusu, kwa sababu tukiwapo sisi chenyewe hakipo, na kikija sisi hatupo tena. Baba mdogo alifikiri kidogo.

"Huyo hakuwa na watu," alisema.

Nimesoma pingamizi nyingi dhidi ya Epikuro, na hakuna iliyo fupi kuliko hiyo. Kwa Epikuro anayekufa ni mtu mmoja, na akizimika, habari imekwisha. Kwa baba mdogo anayekufa ni jina lililofungamana na majina mengine, na hilo halizimiki kwa pamoja. Jibu lake la kwanza lilikuwa hapo: "Naogopa kwamba hakuna atakayeitwa mimi."

Msomaji asiyejua desturi ya Wagikuyu anahitaji maelezo kidogo. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Majina ya babu na bibi yakiisha, ndipo watoto wanaofuata hupewa ya ndugu za wazazi. Kwa hiyo mtu huanza kurudi wakati wajukuu wanapozaliwa, mara nyingi akiwa bado hai, na husikia jina lake likiitwa kwa mtoto. Baba mdogo hakuwa na mjukuu. Njia yake pekee ilikuwa kupitia kwetu, watoto wa kaka zake, nasi tulizaa watoto wawili wawili tukasimama. "Wewe una wasichana wawili," alinikumbusha, "na umefunga duka."

Aliyeieleza hofu hii vizuri zaidi kwa lugha ya kitaaluma ni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefundisha Makerere, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alikiandika kwa Kiingereza, lakini alipofika kwenye kiini cha hoja yake aliona maneno ya Kiingereza hayatoshi, akachukua mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Sasa, kwa Mbiti, ni pana kuliko dakika hii. Ni muda wote ambao watu waliopo wanaukumbuka na kuuishi. Mtu akifa hatoki mara moja katika sasa. Hubaki humo kama mfu aliye hai, maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, pengine kwa vizazi vinne au vitano. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapotumbukia katika zamani, kwenye kundi la wasio na majina. Kwa mtazamo huo kuna vifo viwili, na cha pili ndicho kizito.

Wenzake walimpinga. Kwame Gyekye wa Ghana, kwa mfano, alitumia lugha ya Waakan kuonyesha kwamba Mbiti alikosea kuzijumlisha fikra za bara zima. Nadhani walikuwa na haki. Lakini kama maelezo ya kilichomwamsha mzee mmoja wa Waithaka, sasa na zamani hayahitaji kuwa kweli kwa Afrika nzima.

Jibu la pili lilikuja baada ya jirani kuzikwa Lang'ata. Makaburi hayo ya jiji yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, ila watu bado wanazikwa humo, na pesa zako ndizo zinazoamua kama ni kaburi la kudumu au la muda. Kaburi la muda, miaka ikipita, hupewa mwingine. Baba mdogo alihudhuria maziko hayo akiwa juu ya kiti, akarudi kimya. Usiku akasema: "Naogopa kuwekwa mahali pasipo na mtu wangu." Hata hapo yule jirani alikuwa na bahati. Mara kwa mara hospitali na vyumba vya maiti vya Nairobi huchapisha orodha ya miili ambayo haijachukuliwa, na ndugu hupewa siku chache tu kabla haijazikwa kwa pamoja. Wakazi wa Kawangware waliotoka magharibi ya nchi huisoma orodha hiyo kwa makini kuliko kurasa za michezo.

Kinachovutia ni kwamba jina na mahali si kitu kimoja, na hapa kwetu Dagoretti historia imevitenganisha waziwazi. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alifika hapa, akala kiapo cha urafiki na kiongozi wa eneo hili, Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Urafiki haukudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi, mbali na kwao. Masimulizi mengi husema alizikwa akiwa hai. Lakini zamani hizo Wagikuyu wengi hawakuzikwa kabisa; wazee wenye hadhi ndio waliochimbiwa kaburi, wengine waliachwa porini kwa fisi, na hakuna aliyedhani kwamba wamepotea, maana majina yao yalibaki nyumbani. Jina la Waiyaki lilirudi kwa vitukuu, na leo liko kwenye barabara kuu inayopita Kangemi. Makanga hulipigia kelele kutwa nzima. Mwili umebaki Kibwezi.

Miaka tisini na tano baadaye, mtu wa uzao wa Waiyaki alisimama kortini Nairobi kugombania mwili. Wambui Waiyaki alikuwa ameolewa na S.M. Otieno, wakili mashuhuri wa kesi za jinai, Mjaluo. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye shamba lao. Aliongeza kwamba mumewe alifunga ndoa ya serikali, akaishi maisha ya mjini, na watoto wake hawakulelewa kimila. Ndugu yake Otieno pamoja na ukoo wa Umira Kager walisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya.

Kesi hiyo hukumbukwa kama vita vya kabila na vya mwanamke dhidi ya ukoo, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini isome kama kesi ya hofu, utaona jambo jingine. Hoja kubwa ya ukoo ilikuwa tofauti kati ya maneno mawili ya Kijaluo: ot, nyumba, na dala, maskani ya ukoo iliyoanzishwa kwa taratibu zake. Mtu anaweza kuwa na nyumba nyingi Nairobi na asiwe na maskani hata moja humo. Mahakama ilimsikiliza hata mwanafalsafa: Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila za Wajaluo. Naye Wambui alikuwa anasema, kwa maneno ya kisheria, kwamba maana ya maisha ya mtu huandikwa na mtu mwenyewe, kwa alivyochagua kuishi na aliowachagua kuishi nao. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa, na mjane hakwenda. Wambui mwenyewe alipofariki mwaka 2011 alizikwa Upper Matasia.

Nilimsimulia baba mdogo kesi hiyo, ingawa aliikumbuka kuliko mimi. Machinjioni mwaka ule watu waligawanyika, alisema, hata visu viliazimwa kwa kabila. Nilimuuliza nani alikuwa na haki. Alisema hilo si swali. "Yule wakili alijua sheria zote, na hakujua atalala wapi. Mimi najua." Kisha akanieleza anachotaka: azikwe nyuma ya nyumba ya babu, karibu na mparachichi, na chama cha machinjioni kilete watu wa kubeba.

Chama hicho nacho ni jibu la hofu, la vitendo kabisa. Kila mwanachama akifiwa au akifa, wengine hutoa shilingi mia mbili, mwekahazina anaandika, na basi linakodiwa. Walichonunua kwa pesa hizo kwa miaka mingi ni uhakika kwamba mwili hautaachwa; jeneza ni sehemu ndogo tu. Uhakika huo ulifanya kazi: tangu mwenyekiti alipokuja kukaa naye alasiri moja na kumsomea majina ya watakaobeba, baba mdogo hakuutaja mwili wake tena. Lakini chama kina dosari yake, nasi tuliiona. Katiba yake inasema kuhusu kufa, haisemi kuhusu kuugua. Wenzake walikuwa tayari kulipia basi la watu sitini, na mwezi uleule tulihangaika na nauli ya teksi ya kwenda kliniki. Jamii iliyojipanga vizuri dhidi ya kaburi huweza kusahau miezi inayolitangulia.

Mwili ukawa umepata pake. Jina hatukuweza kulitatua, na sikumdanganya kwamba mtoto atazaliwa. Ndipo jibu la tatu lilipojitokeza, lile ambalo nadhani lilikuwa chini ya yote tangu mwanzo. Malori yalikuwa yamepita. Alisema: "Miaka thelathini na moja nimevua ngozi. Nani anajua?"

Kuna njia iliyobuniwa na daktari wa akili wa Kanada, Harvey Chochinov, aliyeichapisha mwaka 2005 baada ya kuijaribu kwa wagonjwa mia moja walio karibu na kifo. Nilimwomba muuguzi anieleze hatua zake. Unakaa na mgonjwa kwa muda wa saa moja hivi, kwa kikao kimoja au viwili, unarekodi. Unamuuliza: ni wakati gani katika maisha yako ulihisi uko hai zaidi? Kuna mambo gani ungetaka watu wako wajue? Ulifanya kazi gani unayojivunia? Una la kuwaambia, au la kuwaombea? Kisha unaandika maneno yake yote, unayapanga yafuatane bila kubadilisha sauti yake, na ndani ya siku chache unamsomea. Anasahihisha. Karatasi inabaki yake, ampe amtakaye.

Nisiipambe. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha njia hii na huduma ya kawaida, na kwa vipimo vya dhiki haukuona tofauti kubwa; wagonjwa wengi walisema tu kwamba imewasaidia, na kwamba imebadilisha namna familia inavyowaona. Si dawa ya hofu. Na inaweza kuharibika. Kwetu iliharibika siku ya kwanza: nilianza na swali la wakati aliohisi yuko hai zaidi, naye akaangukia ugomvi wake wa shamba na kaka yake mkubwa, baba yangu, aliyekwisha kufa. Alilia kwa hasira. Nilizima simu. Kesho yake aliniambia niyafute yale, nami nikayafuta mbele yake, kwa sababu karatasi hiyo ni ya anayekufa, si ya mwandishi.

Siku ya pili nilianza na kazi. Hapo maneno yalitoka bila kusukumwa. Alieleza jinsi ya kunoa kisu usiku kwa taa ya kibatari, jinsi ya kuanzia mguuni, jinsi ngumi inavyojua penye mafuta na pasipo na mafuta. Alieleza habari za kijana aliyefundishwa naye kazi, ambaye mikono yake ilitetemeka, na jinsi alivyoweka mkono wake juu ya ule wa kijana mpaka ukatulia. Alieleza mnunuzi wa ngozi aliyekuwa akizikunjua za wengine zote kuzitazama dhidi ya mwanga, lakini zake akizihesabu tu bila kuzikunjua.

Nilipomsomea nilichoandika, alinisimamisha kwenye sentensi moja. Niliandika: "Ngozi zangu hazikuwahi kuwa na tundu."

"Si kweli," alisema. "Ziko tatu." Akazitaja: ile ya siku mama yake alipokufa, ile ya siku aliyokunywa, na ya tatu ambayo hakutaka kueleza. "Andika tatu."

Niliandika tatu. Aliniomba nisome tena kuanzia juu, akasikiliza akiwa amefumba macho, na mwisho akasema nakala moja ipelekwe kwa yule kijana wa mikono inayotetemeka, ambaye sasa ni mtu mzima na ana kisu chake. Hofu ya saa nane haikwisha. Ilikuja mara nyingine mbili kabla hajafa, nami nilikaa naye mpaka malori yakapita. Lakini hakuniuliza tena nani anajua.

Alizikwa karibu na mparachichi. Watu sita walibeba, wote wa machinjioni. Yule kijana alikuwa upande wa kichwa.